Kutoka Satellite hadi mjini: jinsi taa, makutano na raundabauti zinavyopunguza kasi

Kasi ya wastani ya gari mjini ni umbali wote uliosafiriwa ukigawanywa kwa muda wote uliotumika, ukiwemo muda ambao magurudumu hayakuzunguka. Hesabu hiyo ni ya shule ya msingi, lakini mijadala mingi kuhusu barabara za Nairobi huisahau. Watu huzungumzia kasi ambayo barabara inaruhusu, ilhali kinachotawala safari ni mara ngapi gari linasimama katika kila kilomita na linakaa hapo kwa muda gani. Safari ya kutoka Satellite, mtaa wa Riruta ulio magharibi mwa jiji, hadi Uhuru Highway inafaa kuonyesha jambo hili. Inaanzia Naivasha Road, inashuka hadi Dagoretti Corner, inafuata Ngong Road ikipita Adams na mzunguko wa City Mortuary, kisha inaishia kwenye raundabauti ya Haile Selassie. Ndani ya kilomita zipatazo kumi, msafiri hukutana na karibu kila aina ya kizuizi kinachopatikana katika barabara ya mjini.

Njia rahisi ya kuanza ni kuacha kuhesabu kasi na kuhesabu sekunde. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kasi ya juu inayoruhusiwa kisheria katika maeneo ya mijini nchini Kenya, hutumia sekunde 72 kwa kilomita moja. Kila linaposimama, sekunde kadhaa huongezeka juu ya hizo 72. Kwa hiyo kasi ya wastani inaweza kuandikwa hivi:

```
V = 3600 / (3600/V0 + n × (h + s))
```

Hapa V0 ni mwendo huru, yaani kasi ya gari lisipozuiwa na chochote. Herufi n ni mara za kusimama kwa kilomita, s ni sekunde ambazo gari limetulia kabisa, na h ni sekunde zinazopotea katika kupunguza mwendo na kuurudisha. Kipande cha mwisho ndicho kinachosahaulika sana. Hata kama gari lingesimama na kuondoka papo hapo bila kutulia, dereva angekuwa amepoteza muda, kwa kuwa mita zile za kufunga breki na za kuongeza mwendo amezipita polepole. Muda huo unapatikana kwa kanuni hii:

```
h = (v/2) × (1/a + 1/b)
```

ambapo v ni mwendo huru kwa mita kwa sekunde, a ni kiwango cha kuongeza mwendo na b ni kiwango cha kuupunguza. Dereva wa kawaida anayeongeza mwendo kwa mita 1 kwa sekunde kila sekunde, na kuupunguza kwa mita 1.5, hupoteza karibu sekunde 12 kila anaposimama kutoka kilomita 50 kwa saa na kurudi kasi ile ile. Lori lililobeba mchanga, au basi lililojaa linalopanda mlima, hupoteza zaidi, kwa kuwa a yake ni ndogo.

Tuseme kila kusimama kunachukua sekunde 20 za kutulia pamoja na zile 12. Gari lisilosimama kabisa linakwenda kilomita 50 kwa saa. Likisimama mara moja kwa kilomita, wastani unashuka hadi karibu 35. Likisimama mara mbili unakuwa 26, mara tatu 21, mara nne 18. Kila kusimama kumeongeza muda ule ule wa sekunde 32, lakini kwa upande wa kasi, kwa kwanza kumenyang'anya kilomita 15 kwa saa na kwa nne kumechukua tatu tu. Hii ndiyo sababu barabara nzuri yenye taa moja mpya huonekana kama imeharibika ghafla, wakati barabara iliyojaa vizuizi ikiongezewa kimoja zaidi hakuna anayegundua. Anayepanga barabara afanye hesabu kwa sekunde kwa kilomita, ambazo zinajumlishika, na ageuze kuwa kasi mwishoni kabisa. Kujumlisha kasi za vipande mbalimbali na kuzigawanya kwa idadi yake ni kosa, na vipande vikiwa na urefu sawa lakini kasi tofauti, daima hutoa jibu lenye matumaini kupita kiasi.

Kanuni hiyo inajibu pia pendekezo linalorudi kila mara, la kupanua barabara ili magari yaende kasi zaidi. Mwendo huru ukipandishwa kutoka kilomita 50 hadi 80 kwa saa, huku gari likiendelea kusimama mara mbili kwa kilomita kwa sekunde 20 kila mara, wastani hupanda kutoka 26 hadi takriban 29 tu. Sababu ni mbili. Sekunde zilizookolewa kwenye mwendo ni chache, na h yenyewe hukua pamoja na mwendo: kusimama kutoka 80 kunapoteza zaidi ya sekunde 18 badala ya 12. Zaidi ya hapo, gari linahitaji zaidi ya mita 400 kufika 80 na kusimama tena, kwa hiyo makutano yakikaribiana kuliko hapo kasi hiyo haifikiwi kamwe. Faida ndogo kiasi hicho inalipiwa kwa hatari kubwa kwa wanaovuka kwa miguu, na kwa Nairobi hao ni wengi mno.

Mara za kusimama hazilingani na idadi ya makutano. Taa zikiwa kijani gari hupita, na kwa hiyo kinachohitajika ni uwezekano wa kusimama katika kila makutano. Kwa taa zinazojiendesha zenyewe kwa saa maalumu, uwezekano huo hutegemea mambo mawili: sehemu ya duru ya taa ambayo ni kijani, inayoandikwa λ, na wingi wa magari yanayofika ukilinganishwa na yale yanayoweza kupita taa ikiwa kijani, unaoandikwa y. Sehemu ya magari yanayolazimika kusimama ni:

```
p = (1 − λ) / (1 − y)
```

Chukua leni moja. Duru nzima ya taa ni sekunde 90, na 40 kati ya hizo ni kijani. Leni iliyojaa hupitisha takriban magari 1,800 kwa saa taa ikiwa kijani, yaani gari moja kila sekunde mbili, na magari 600 kwa saa yanafika. Taa nyekundu inachukua asilimia 56 ya muda, lakini magari yanayosimama ni asilimia 83. Tofauti hiyo inatoka kwenye mkia wa foleni: taa inapogeuka kijani, magari ya mbele huondoka moja baada ya jingine, na gari linalofika wakati huo hulikuta la mbele yake bado limesimama. Dereva anaona kijani na bado anafunga breki.

Muda unaopotea hapo ulipatiwa kanuni na F. V. Webster wa Maabara ya Utafiti wa Barabara ya Uingereza mwaka 1958, na kanuni yake bado ndiyo inayofundishwa. Ina sehemu mbili zenye maana. Ya kwanza ni ucheleweshaji ambao ungekuwapo hata kama magari yangefika kwa mpangilio kamili, na hutokana na taa nyekundu yenyewe. Ya pili hutokana na bahati nasibu ya ufikaji, kwamba dakika moja huja magari matano na dakika inayofuata kumi na tano. Katika mfano huu wa magari 600, jumla ni karibu sekunde 25 kwa kila gari. Magari yakiongezeka hadi 760 kwa saa, ambayo ni nyongeza ya takriban robo tu, jumla hupanda hadi karibu sekunde 60. Leni sasa inatumika kwa asilimia 95 ya uwezo wake, na ile sehemu ya bahati nasibu imekua kuliko sehemu ya taa yenyewe. Ndiyo maana siku ya kwanza ya shule kufunguliwa huleta msongamano usiolingana hata kidogo na idadi ya magari yaliyoongezeka.

Ucheleweshaji wa Webster tayari una ndani yake muda wa kupunguza na kuongeza mwendo. Anayeutumia asiongeze tena h, kwa kuwa atakuwa amehesabu kitu kimoja mara mbili. Anayetumia muda wa kutulia uliopimwa barabarani kwa saa ya mkononi, huyo lazima aongeze h. Mchanganyiko wa njia hizi mbili ni chanzo cha kawaida cha ripoti ambazo kasi yake haifanani na ile ya barabarani.

Kupunguza p bila kuondoa makutano kunawezekana kwa kuoanisha taa, ili kundi la magari lililoachiwa na taa ya kwanza lifike ya pili ikiwa kijani. Makutano mamoja yakiwa mita 500 kutoka mengine, na mwendo ukiwa kilomita 50 kwa saa, taa ya pili inapaswa kufunguka sekunde 36 baada ya ya kwanza. Kwa upande mmoja wa barabara ni rahisi. Kwa pande zote mbili kwa pamoja, inawezekana vizuri pale tu duru ya taa inapokubaliana na umbali; kwa mfano huu, duru ya sekunde 72. Kwenye Ngong Road masharti hayo ni magumu kutimizwa, kwa kuwa makutano hayakupangwa kwa umbali sawa: yalikua pale ambapo barabara za zamani zilikutana. Tena, matatu inayoshusha abiria kwenye steji kati ya taa mbili hutoka nje ya kundi lake na kufika taa ya pili imeshafunga. Mpango wa taa uliotengenezwa kwa mwendo wa gari dogo huwaadhibu abiria wa matatu, ambao ndio wengi.

Raundabauti hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Kwa kuwa Kenya inaendesha kushoto, magari huizunguka kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, na anayeingia humpisha anayetoka kuliani. Barabara ikiwa tupu, raundabauti haimsimamishi mtu, lakini humpunguzia mwendo kila mmoja. Gari linaloshuka kutoka 50 hadi 25 kwa saa, linalopita mduara wa mita 40 kwa mwendo huo na kurudia kasi yake, hupoteza takriban sekunde 6. Hiyo ni nusu tu ya h, na ni nafuu kubwa kuliko taa za usiku wa manane zinazomsimamisha dereva peke yake njia panda. Kwa magari machache hadi ya wastani, raundabauti inashinda taa katika hesabu ya mara za kusimama.

Mambo hugeuka magari yanapoongezeka, kwa kuwa anayetaka kuingia anategemea nafasi kati ya magari yanayozunguka. Nafasi hizo hazipungui taratibu. Hupungua kwa kasi sana. Kwa kanuni inayotumiwa Marekani kwa raundabauti ya leni moja, magari 600 kwa saa yakizunguka mbele ya mlango, mlango huo unaweza kuingiza takriban 750 kwa saa. Yakiwa 1,200, unaingiza karibu 400. Madereva wa Nairobi hukubali nafasi finyu kuliko hizo, kwa hiyo tarakimu zao zitakuwa juu zaidi, lakini umbo la mchoro ni lile lile. Matokeo yake ni kwamba upande wenye magari mengi hujipa kipaumbele, na mlango unaofuata hufa njaa.

Baya zaidi ni kufungana, na hili haliwezi kuonekana katika kanuni yoyote inayoangalia mlango mmoja. Itazame raundabauti ya Haile Selassie na Uhuru Highway saa moja na nusu asubuhi. Magari yanayotoka Nyayo Stadium kuelekea kaskazini hupita mbele ya mlango wa wanaotoka Ngong Road kabla ya kutoka nje upande wa Kenyatta Avenue. Foleni ya raundabauti ya Kenyatta Avenue ikirudi nyuma hadi hapa, magari hayo hayana pa kwenda. Yanasimama ndani ya mduara, mbele kabisa ya mlango wa Ngong Road. Sasa dereva aliyetoka Satellite na anayetaka kuendelea moja kwa moja kuingia mjini, upande ambao uko wazi, amezuiwa na magari yasiyokwenda anakokwenda. Yeye naye akijipenyeza na kukwama, anawafungia wanaotoka upande mwingine, na mduara mzima unakufa. Uwezo wa raundabauti hapo hauwi mdogo, unakuwa sifuri.

Kwa sababu hiyo askari wa trafiki huingia barabarani asubuhi na jioni, hata pale penye taa zinazofanya kazi. Wanalaumiwa sana, na si sahihi kuwalaumu bila kuangalia wanachokifanya. Askari huona kitu ambacho taa ya saa maalumu haikioni: kwamba njia ya kutokea imejaa. Anapozuia upande mmoja ili mduara usifungane, anafanya kazi ambayo kanuni za Webster hazikuipangia mtu. Anapata pia faida ya pili. Kila ruhusa inapohama kutoka upande mmoja hadi mwingine, sekunde zipatazo nne hupotea bila gari lolote kupita. Katika duru ya sekunde 90 yenye pande nne, upotevu huo ni karibu asilimia 18 ya muda. Katika duru ya dakika sita au zaidi haufiki hata asilimia 5.

Gharama yake iko kwenye urefu wa foleni. Upande unaofungwa dakika tano, huku magari 600 kwa saa yakifika katika kila leni, hukusanya magari 50 kwa leni. Kila gari hula takriban mita 7, kwa hiyo foleni ni mita 350. Ungefungwa dakika moja, foleni ingekuwa mita 70. Raundabauti za Uhuru Highway zimetengana kwa mita mia kadhaa tu, kwa hiyo foleni ya dakika tano hula sehemu kubwa ya nafasi iliyo kati yake na jirani, na ikizidi hapo hufika mlangoni pake. Askari aliyezuia kufungana hapa amekuza kufungana kule, na asipowasiliana na mwenzake wa raundabauti inayofuata hana njia ya kulijua hilo mpaka jirani aanze kufunga upande wa kwake. Hapa pia ndipo n pekee inapodanganya. Dereva anayesubiri askari amesimama mara moja tu, sawa na aliyesimama kwenye taa ya kawaida, lakini s yake ni mara tano. Ripoti inayosema mara za kusimama zimepungua bila kutaja s haijasema kitu.

Serikali ya kaunti chini ya gavana Evans Kidero ilijaribu njia ya tatu mwaka 2015: mapipa yalipangwa kwenye raundabauti za barabara hiyo kuu ili kuzuia magari kukata kulia na kuvuka, na madereva wakatakiwa kwenda mbele na kugeuka huko. Wazo lenyewe lina msingi. Anayekata kulia huzunguka robo tatu ya mduara na kupita mbele ya milango mingi kuliko anayekwenda kushoto au moja kwa moja, kwa hiyo kumwondoa kunafungua nafasi. Lakini gari hilo halikutoweka. Liliongezewa umbali, na mgongano wake ukahamishiwa mahali pa kugeuzia, ambapo hapakuwa na nafasi ya foleni. Mapipa hayo hayakudumu.

Sasa safari nzima inaweza kuhesabiwa. Tarakimu zinazofuata zimechaguliwa kwa ajili ya mfano, ili zikae karibu na hali halisi, si vipimo. Safari ya kilomita 10 igawanywe vipande vitatu. Naivasha Road ipewe kilomita 3 na mwendo huru wa 40, kwa kuwa ni nyembamba, ina matuta, na matatu husimama pale abiria wanapoonekana. Tuta moja linalomshusha dereva kutoka 40 hadi 15 humpotezea karibu sekunde 4, na matuta matatu kwa kilomita ni sekunde 11. Ngong Road, ambayo ilianza kupanuliwa katika miaka ya 2010 kwa ufadhili wa Japani, ipewe kilomita 5.5 na mwendo huru wa 50. Kipande cha mwisho cha kukaribia Uhuru Highway kiwe kilomita 1.5.

Katikati ya asubuhi, gari lisimame mara mbili kwa kilomita kwenye Naivasha Road kwa sekunde 10, mara moja kwa kilomita kwenye Ngong Road kwa sekunde 30, na mara mbili kwa kilomita kwenye kipande cha mwisho kwa sekunde 40. Vipande hivyo huchukua takriban dakika 7, dakika 10 na nusu, na dakika 4 na nusu. Jumla ni dakika 22, na wastani ni kilomita 27 kwa saa. Hakuna mahali gari lilipozidi 50 wala kukwama, na bado wastani ni zaidi kidogo tu ya nusu ya kasi inayoruhusiwa.

Saa ya msongamano, Naivasha Road iwe na kusimama mara nne kwa sekunde 15, na Ngong Road mara mbili kwa sekunde 45. Kipande cha mwisho ni foleni tupu: mara nane kwa kilomita, sekunde 45 kila mara, na mwendo kati ya kusimama na kusimama hauzidi 20. Dakika sasa ni 10, 17 na 14 na nusu. Jumla ni dakika 41, na wastani ni zaidi kidogo ya kilomita 14 kwa saa. Kilomita moja na nusu ya mwisho, ambayo ni asilimia 15 ya umbali, imekula asilimia 35 ya muda.

Mfano huu unaruhusu kuuliza ni badiliko lipi lenye thamani. Mwendo huru wa Ngong Road ukipandishwa hadi 60 saa hiyo ya msongamano, safari nzima inaokoa kama sekunde 40. Kusimama kumoja kwa kila kilomita kukiondolewa kwenye barabara hiyo hiyo, zinaokolewa zaidi ya dakika tano. Na kama foleni ya mwisho ingerudi kwenye hali yake ya katikati ya asubuhi, ingeokoa dakika kumi bila kugusa hata mita moja ya Naivasha Road wala Ngong Road. Anayekaa Satellite ana haki ya kudai lami bora mtaani kwake, lakini dakika nyingi anazoweza kuokolewa zimeshikiliwa karibu na mji.

Kupata n halisi si vigumu siku hizi, kwa kuwa simu yenye GPS inaweza kuandika kasi kila sekunde. Kazi iko katika kuamua kusimama ni nini. Simu iliyotulia mezani huonyesha kasi ndogo za uongo, kwa hiyo mpaka hauwezi kuwekwa sifuri. Watu wengi huuweka karibu na kilomita 5 kwa saa. Mpaka mmoja hautoshi. Gari linalojikokota kwenye foleni hupanda hadi 6 na kushuka hadi 4 mara nyingi, na programu itahesabu kusimama ishirini pale ambapo dereva angetaja mbili. Dawa yake ni mpaka wa pili: kusimama kupya kusihesabiwe mpaka gari liwe limevuka, tuseme, kilomita 15 kwa saa tangu kusimama kwa awali. Mipaka hiyo lazima itajwe pamoja na matokeo, la sivyo n za watu wawili haziwezi kulinganishwa. Kwa matatu, kusimama kwa steji kutenganishwe na kusimama kwa makutano, kwa kuwa tiba zake ni tofauti. Kukiwa na ramani ya steji, kama ile iliyotengenezwa na mradi wa Digital Matatus uliochapisha ramani ya njia za Nairobi mwaka 2014, kazi hiyo inaweza kufanywa na kompyuta.

Mfano wa mara za kusimama una mwisho wake. Unachukulia kwamba kila kusimama kunajitegemea, na kwamba kati ya kusimama kuwili gari hurudia mwendo huru. Sharti la pili huvunjika kwanza. Kwa mwendo wa 50, gari linahitaji takriban mita 160 kufika kasi hiyo na kusimama tena, kwa hiyo likisimama zaidi ya mara sita kwa kilomita halifiki 50 kamwe, na kanuni inaanza kuhesabu hasara ya mwendo ambao haukuwapo. Ndiyo sababu kipande cha mwisho cha mfano kilipewa 20 badala ya 50. Sharti la kwanza huvunjika foleni ya makutano mamoja inapogusa mengine. Hapo kusimama kwenye Ngong Road kunasababishwa na Kenyatta Avenue, na hakuna kipimo cha mlangoni kitakachokiona chanzo.

Kwa hali hiyo watafiti huacha makutano mojamoja na kuutazama mji kama chombo kimoja. Eric Gonzales, Celeste Chavis, Yuwei Li na Carlos Daganzo wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walifanya hivyo kwa Nairobi mwaka 2009. Walilinganisha idadi ya magari yaliyo ndani ya mtandao na idadi yanayofika yaendako. Mwanzoni vyote viwili hupanda pamoja. Magari yakizidi kiwango fulani, yanayofika huanza kupungua, kwa kuwa yaliyo ndani yanafungiana njia, na mtandao wa Nairobi wenye barabara chache zinazopitia raundabauti chache hufikia hapo mapema. Tokeo linalofuata ni gumu kulikubali mtu aliye kwenye foleni: kuyazuia magari kidogo pembezoni, kwa mfano kabla ya City Mortuary, kunaweza kuwafikisha watu wengi zaidi mjini kwa saa moja kuliko kuyaruhusu yote yafike Uhuru Highway. Kusimama kunahamishwa tu, kutoka mahali ambapo gari moja lililosimama linazuia pande nne hadi mahali ambapo linazuia lile la nyuma yake pekee. Ili izuie vizuri, taa ya pembezoni inapaswa kuwa na barabara ndefu nyuma yake isiyokatwa na makutano mengine, na leni ya matatu inayoipita foleni. Kwenye Ngong Road, sharti hilo la pili bado halijatimizwa.